Gemu Mpya, Prosesa ya Zamani: Agizo Moja Lisilojulikana Linapozima Kila Kitu

Gemu ya Cyberpunk 2077 ilipotoka tarehe 10 Desemba 2020 ilisemwa sana kwa wingi wa kasoro zake, lakini moja kati ya kasoro hizo haikufanana na nyingine. Wachezaji wenye prosesa fulani za zamani waliisakinisha, wakaifungua na kuanza kucheza kama watu wengine wote. Walipofika mwisho wa utangulizi wa hadithi, gemu ilijifunga ghafla, na walipoirudia sehemu ile ile ikajifunga pale pale. Kupunguza ubora wa picha kusingewasaidia kitu, wala kubadilisha kadi ya michoro kusingewasaidia. Kabla ya mwezi huo kwisha, kampuni iliyoitengeneza, CD Projekt Red, ilitoa sasisho namba 1.05, na katika maelezo yake ikaeleza kwamba imeondoa matumizi ya seti ya maagizo ya AVX, na kwa njia hiyo imetibu kujifunga kulikotokea mwishoni mwa utangulizi kwenye prosesa zisizo na AVX.

Kisa hicho kinastahili kuchunguzwa kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo orodha za mahitaji ya gemu huliacha gizani. Tumezoea kufikiri kwamba prosesa ya zamani hushindwa na gemu mpya kwa sababu ni polepole, na kwamba mtu aliye tayari kuvumilia picha za kusuasua anaweza kucheza chochote. Hapa kasi haikuwa na neno. Prosesa ya Xeon X5650, iliyotoka mwaka 2010, ina viini 6 na nyuzi 12, na hadi leo inafanya kazi nyingi nzito bila kutia aibu. Hata hivyo haina AVX, na gemu inayodai AVX haitaendeshwa nayo hata kwa fremu 1 kwa dakika. Ama prosesa inalijua agizo, ama hailijui, na hakuna hali ya katikati.

Ili kuelewa sababu, tuanze na agizo lenyewe. Programu yoyote, ikishafika kwenye prosesa, ni mfululizo wa namba, na kila kipande cha namba hizo ni agizo: jumlisha hivi viwili, hamisha hiki pale, ruka kwenda mahali fulani ikiwa jibu ni sifuri. Orodha ya maagizo ambayo prosesa inayaelewa imechongwa ndani ya silikoni yake tangu siku ilipotengenezwa kiwandani. Prosesa za familia ya x86, yaani zile za Intel na AMD zinazotumika kwenye kompyuta nyingi za gemu, zimekuwa zikiongezewa maagizo mapya kizazi baada ya kizazi huku ya zamani yakiachwa yalivyo. Ndiyo maana programu ya zamani huendelea kufanya kazi kwenye prosesa mpya, lakini kinyume chake hakuna aliyekiahidi.

Nyongeza zinazotuhusu zaidi ni zile zinazoiwezesha prosesa kufanya hesabu moja juu ya namba nyingi kwa mkupuo. SSE, iliyoingia na Pentium III mwaka 1999, ilileta rejista, yaani vihifadhi vidogo vya namba vilivyomo ndani ya prosesa, za biti 128, ambazo hubeba namba 4 za desimali za biti 32 kila moja. Baadaye zikafuata SSE2, SSE3, SSSE3, SSE4.1 na SSE4.2. Mwaka 2011 prosesa za Intel za kizazi cha Sandy Bridge, kisha za AMD za kizazi cha Bulldozer, zilikuja na AVX, ambayo ilitanua rejista hadi biti 256, kwa hiyo namba 8 kwa agizo moja. Mwaka 2013 Intel ilitoa kizazi cha Haswell chenye AVX2, ambayo ilizipa hesabu za namba nzima upana huo huo, ikifuatana na maagizo ya FMA ya kuzidisha na kujumlisha kwa hatua moja. Kwa gemu faida yake ni dhahiri. Chukua vumbi la mlipuko lenye chembe 4,000, kila moja ikihitaji kusogezwa katika kila fremu: kujumlisha thamani 4,000 kwa SSE kunahitaji maagizo 1,000 ya kujumlisha, na kwa AVX yanatosha 500. Kasi halisi haipandi mara mbili, kwa kuwa namba hizo lazima zitoke kwenye kumbukumbu na kurudi, na kumbukumbu haikuongezewa upana kwa sababu tu rejista zimetanuliwa. Hata hivyo nafuu inayobaki inatosha kumshawishi mtengenezaji yeyote.

Sasa, prosesa isiyo na AVX inapokutana na agizo la AVX, haiwezi kulikisia wala kulifanya polepole. Husimama na kuuarifu mfumo endeshi kwamba imekutana na agizo batili. Mfumo endeshi huitazama programu iliyoleta agizo hilo, na kama programu haikujiandaa kwa tukio la namna hiyo, huiua. Kwenye Windows kifo hicho huandikwa kwa namba 0xc000001d. Kwenye Linux terminali huonyesha maneno `Illegal instruction`. Mchezaji mwenyewe, mara nyingi, haoni lolote: dirisha linatoweka na anajikuta anatazama tena picha ya mezani pake.

Hii pia inaeleza kwa nini wachezaji wa Cyberpunk 2077 waliweza kufika mwisho wa utangulizi kwanza. Agizo batili halina madhara likiwa limelala ndani ya faili. Linaua pale tu prosesa inapolifikia. Ikiwa sehemu kubwa ya gemu imeandaliwa kwa maagizo ya kawaida na sehemu ndogo tu ina AVX, mchezaji atacheza kwa amani hadi hadithi impeleke kwenye sehemu hiyo. Gemu ikiwa imeandaliwa yote kwa AVX, hufa kabla hata ya kuonyesha nembo ya kampuni. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kwa kuwa gemu imefunguka na menyu imeonekana, basi suala la maagizo halipo.

Kuna aina moja ya hitilafu iliyo mbaya kuliko hiyo, nayo haiui programu kabisa. Pamoja na AVX2, prosesa za Haswell zilileta kwa upande wa Intel agizo la LZCNT, ambalo huhesabu sifuri zilizo mbele ya biti ya kwanza yenye 1. Wabunifu waliliandika agizo hilo kwa namba zile zile za agizo la zamani la BSR, wakaliongezea kiambishi mbele. Prosesa za Intel za kabla ya Haswell hazikitambui kiambishi hicho katika nafasi hiyo, hukipuuza, na hutekeleza BSR bila kulalamika. Tuseme namba ni 1 katika upana wa biti 32. LZCNT ingejibu 31, kwa kuwa kuna sifuri 31 mbele ya ile 1. BSR hujibu 0, kwa kuwa hutaja nafasi ya biti hiyo. Programu haifi. Inaendelea na jibu la uongo, na huenda madhara yake yakaonekana mbali kabisa, kwa sura ambayo hakuna atakayeihusisha na prosesa. Ni jambo la nadra, lakini ndilo linalonifanya nisiwaamini wanaodai kwamba gemu ikifunguka basi prosesa inafaa.

Swali linalofuata ni kwa nini watengenezaji wasiandike njia mbili, moja ya AVX na nyingine ya SSE, kisha gemu ichague yenyewe. Jambo hilo linawezekana, na programu nyingi za kuchakata video na sauti hulifanya kila siku. Prosesa ina agizo liitwalo CPUID ambalo huiuliza inajua nini, na programu hupanga njia kulingana na jibu. Ugumu ni kwamba programu ya video hutumia sehemu kubwa ya muda wake ndani ya vitanzi vichache vinavyojulikana, wakati gemu imetapakaza hesabu za vekta, yaani hizo za namba nyingi kwa mkupuo, kila mahali: kamera, mifupa ya wahusika, migongano, sauti, mwanga. Hesabu hizo ni fupi, na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, huzichanganya moja kwa moja ndani ya shughuli zinazoziita. Ukitaka kila moja iulize kwanza "njia ipi?", swali lenyewe litagharimu zaidi ya faida.

Ndiyo maana uamuzi hufanywa kwa mkupuo, mara moja tu, wakati kompaila inapoikusanya gemu nzima kuwa maagizo. Kwa kompaila ya Microsoft, tofauti kati ya gemu inayokubali prosesa zote za biti 64 na ile inayokataa kila prosesa isiyo na AVX2 ni neno moja kwenye mipangilio:

```
/arch:AVX2
```

Kwa GCC na Clang kuna `-mavx2`, au `-march=x86-64-v3`, ngazi inayokusanya AVX2, FMA na wenzao kwa jina moja. Mhandisi akiongeza neno hilo siku ya Jumatatu, kompaila itatumia maagizo hayo popote itakapoona yanafaa, hata mahali ambapo hakuna binadamu aliyeyaandika kwa mkono. Kama mashine zote za ofisini zina prosesa za karibuni, hakuna atakayegundua kitu hadi wateja waanze kulalamika.

Wakati mwingine uamuzi haufanyiki hata ndani ya kampuni yenyewe. Gemu hununua vipande kutoka kwa kampuni nyingine, na vipande hivyo huja vikiwa vimekwisha kukusanywa. No Man's Sky ilipofika kwenye kompyuta mwezi Agosti 2016, wenye prosesa za AMD Phenom hawakuweza kuifungua. Phenom II ilikuwa prosesa nzuri ya wakati wake, baadhi zikiwa na viini 6, lakini AMD ilikuwa haijaziwekea SSE4.1. Hello Games, waliotengeneza gemu hiyo, walieleza kwamba msimbo wao haukukubali prosesa za chini ya SSE4.1, na kwamba hata Havok, maktaba ya fizikia waliyokuwa wakiitumia, haikuweza kufanya kazi bila agizo hilo. Ilibidi wapate toleo jipya la maktaba hiyo na kubadilisha msimbo wao wenyewe. Walifanya hivyo kwa haraka ya kusifika, ila ni dhahiri kwamba hakuna aliyekuwa amekaa na kuamua kwa makusudi kuwafungia mlango wenye Phenom.

Sababu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni konsoli. PlayStation 4 na Xbox One, zilizotoka Novemba 2013, zina viini vya AMD vya aina ya Jaguar. Viini hivyo vina AVX, lakini havina AVX2. PlayStation 5 na Xbox Series X, zilizotoka Novemba 2020, zina viini vya Zen 2, ambavyo vina AVX2 na FMA. Mtengenezaji anayeandikia konsoli anajua kwa hakika prosesa iliyomo, kwa hiyo hana sababu ya kuacha maagizo yake bila kuyatumia. Gemu hiyo ikihamishiwa kwenye kompyuta, msimbo wa vekta huja jinsi ulivyo. Ukiangalia kwa jicho hilo, mfuatano wa matukio unaeleweka: gemu zilizoleta utata wa AVX kati ya 2018 na 2020, kama Assassin's Creed Odyssey, ambayo ilitoka ikiidai kisha sasisho likaiondoa, na Death Stranding, zote zilikuwa gemu za enzi ya Jaguar. Madai ya AVX2 yanayozidi kusikika sasa ni ya enzi ya Zen 2. Kadiri studio zinavyoacha kutengeneza matoleo ya konsoli za 2013, ndivyo sababu ya mwisho ya kuikwepa AVX2 inavyotoweka.

Kwa hiyo siwalaumu watengenezaji kwa kudai AVX2. Haswell ni ya mwaka 2013, na prosesa zote za Ryzen tangu 2017 zinayo. Kubeba mzigo wa prosesa za kabla ya hapo kuna gharama ya upimaji, na gharama hiyo hulipwa na wachezaji wote. Ninachowalaumu nacho ni ukimya. Orodha ya mahitaji huandikwa kwa majina ya prosesa, kwa mfano "Core i5-3570K au FX-8310", kama ilivyokuwa kwa Cyberpunk 2077, na msomaji huachiwa kazi ya kulinganisha kasi. Prosesa zote mbili hizo zina AVX, lakini nani angeweza kulisoma hilo kwenye majina yake? Mwenye Xeon X5650 angeona kwamba ana viini 6 dhidi ya 4 vya ile Core i5, na angenunua kwa moyo mweupe. Death Stranding ilitaja AVX kwenye mahitaji yake, na hakuna lililoharibika kwa kufanya hivyo. Zaidi ya hapo, gemu inaweza kuuliza CPUID mara moja tu inapoanza, kabla ya kufikia agizo lolote gumu, na kuonyesha sentensi moja: prosesa hii haina AVX2, gemu haitaendelea. Ni kazi ya saa chache kwa mhandisi mmoja, mradi sehemu hiyo ya kuuliza ikusanywe bila AVX2. Vinginevyo gemu itakufa kabla ya kusema kwa nini inakufa.

Lawama nyingine ni ya Intel, na hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Mtu atafikiri kwamba kwa kuwa AVX ilianza 2011, prosesa yoyote ya baada ya mwaka huo inayo. Sivyo. Kwa karibu miaka 10 Intel iliizima AVX kwenye prosesa za mezani zenye majina ya Pentium na Celeron, ingawa zilitoka kwenye usanifu ule ule wa Core. Pentium G4560 ya mwaka 2017, iliyopendwa sana na wajenzi wa kompyuta za gemu za gharama nafuu kwa sababu ilikuwa na viini 2 na nyuzi 4, haina AVX wala AVX2. Pentium Gold G6400 ya mwaka 2020 nayo haina. Wakati huo huo Core i5-2400 ya mwaka 2011 ina AVX, na Core i3-4130 ya 2013 ina zote mbili. Prosesa ndogo za familia ya Atom, zinazowekwa kwenye laptopu nyembamba na kompyuta za kiganjani, ziliikosa AVX hata mwaka 2021, kama Celeron N5105. Ilipofika N100 ya mwaka 2023 ndipo zikapata AVX2. Upande wa AMD mambo ni mepesi kidogo: FX-8350 ina AVX na FMA lakini haina AVX2, na Ryzen zote zina zote tatu. Kwa kifupi, mwaka wa kutengenezwa si ushahidi, na kasi ya gigahezi si ushahidi pia. Prosesa yenyewe ndiyo ya kuulizwa.

Kuiuliza si kazi. Mwenye Steam hahitaji kusakinisha chochote: afungue menyu ya Help, achague System Information, na chini ya maelezo ya prosesa atakuta orodha ya SSE2, SSE3, SSSE3, SSE42, AVX, AVX2 na mengineyo, kila moja ikifuatwa na neno Supported au Unsupported. Asiyetumia Steam anaweza kufungua CPU-Z, programu ndogo isiyolipiwa, na kusoma mstari ulioandikwa Instructions kwenye ukurasa wake wa kwanza. Kwenye CPU-Z kinachokosekana hakiandikwi kabisa, kwa hiyo soma mstari wote, na uangalie vizuri kama umeandikwa AVX2 au AVX peke yake.

Anayependa mstari wa amri kwenye Windows atatumia Coreinfo, iliyomo katika mkusanyiko wa zana za Sysinternals wa Microsoft:

```
coreinfo64 -f
```

Kila jina hufuatwa na alama ya nyota kama agizo lipo, au kistari kama halipo. Kwenye Linux taarifa hizo zimo tayari ndani ya mfumo:

```
grep -o -w -E 'ssse3|sse4_1|sse4_2|popcnt|avx|avx2|fma|bmi2' /proc/cpuinfo | sort -u
```

Amri hiyo huchapisha yale tu yaliyopo. Kwenye Pentium G4560 utaona manne: popcnt, sse4_1, sse4_2 na ssse3, kisha basi. Kwenye Core i7-3770 itaongezeka avx, lakini avx2, fma na bmi2 hazitaonekana. Kwenye Ryzen yoyote zitatoka zote 8. Kutokana na majibu hayo matatu mtu anaweza kupanga matarajio yake: mashine ya kwanza itakataliwa na gemu yoyote inayodai AVX; ya pili itakubaliwa na hizo lakini itakataliwa na zinazodai AVX2; ya tatu haina wasiwasi wowote upande huu, hata kama huenda ikashindwa kwa sababu nyingine.

Zana hizi hueleza kile mfumo endeshi unachokiona, na mara chache hicho hutofautiana na kilichomo kwenye silikoni. AVX inahitaji ushirikiano wa mfumo endeshi, kwa kuwa rejista zake pana lazima zihifadhiwe kila prosesa inapohama kutoka programu moja hadi nyingine. Windows 7 haikuweza kufanya hivyo hadi Service Pack 1. Mashine pepe nayo inaweza kuificha AVX kama imepangwa kuigiza prosesa ya zamani zaidi. Na kama zana inasema huna AVX ilhali unajua prosesa yako ni, tuseme, Core i5 ya kizazi cha nane, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika `bcdedit`, na uangalie kama kuna mstari wa `xsavedisable`. Mtu aliyewahi kuujaribu kwa sababu nyingine huenda aliusahau hapo. Ukiwa umewekwa 1, amri ya `bcdedit /deletevalue xsavedisable` ikifuatwa na kuwasha upya huurudisha upana wa rejista zako.

Ikiwa gemu tayari inajifunga na unataka kujua kama sababu ni hii, usikisie. Fungua Event Viewer, nenda Windows Logs, kisha Application, na utafute tukio la Application Error lenye jina la faili la gemu na saa ile ile iliyojifunga. Ndani yake kuna mstari wa Exception code. Ukisoma 0xc000001d kwenye mashine ambayo umeshahakikisha haina AVX au AVX2, karibu umepata jibu. Ukisoma 0xc0000005, hiyo ni programu iliyogusa kumbukumbu isiyo yake, na kwa kawaida chanzo chake ni kingine: sasisho bovu, faili lililoharibika, dereva ya kadi ya michoro. Ukisoma 0xc000001d kwenye prosesa yenye kila kitu, shuku faili lililoharibika au prosesa iliyoongezwa kasi kupita uwezo wake, kwa sababu programu iliyopotea njia inaweza kuangukia namba zisizo na maana na kuzitekeleza kana kwamba ni maagizo.

Je, prosesa isiyo na agizo inaweza kudanganywa? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Intel hutoa zana iitwayo SDE kwa ajili ya wahandisi wanaotaka kupima programu kwa maagizo ambayo prosesa yao haina, na wachezaji waliokata tamaa huitumia kuanzishia gemu:

```
sde -hsw -- gemu.exe
```

Neno `-hsw` linaiambia ijifanye Haswell. Zana hiyo huifuatilia programu nzima inavyokwenda, na kila inapokuta agizo lisilojulikana hulitafsiri kwa maagizo ya kawaida. Kwa kuwa inaitafsiri gemu yote wala si maagizo ya AVX peke yake, mwendo hushuka kiasi cha kufanya gemu nyingi nzito zisichezeke, na gemu zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu zinaweza kuikataa kwa kuwa mtu wa tatu ameingia kati. Inafaa kuthibitisha kwamba tatizo ni agizo: gemu iliyokuwa ikifa papo hapo ikianza kujikokota hadi kwenye menyu, basi mjadala umekwisha.

Njia inayobaki ni kubadilisha prosesa, na hapo kila kitu hutegemea soketi ya ubao mama. Mwenye Pentium G4560 ana bahati, kwa sababu ubao ule ule wa LGA1151 unaichukua Core i3-7100, ambayo ni ya kizazi kile kile na ina AVX2, bila kugusa kumbukumbu wala kitu kingine. Mwenye G6400 kwenye LGA1200 anaweza kuweka Core i3-10100 kwa namna hiyo hiyo. Bao za LGA1150 zilizo na Pentium zitapokea Core i3, i5 au i7 za Haswell, mradi toleo la BIOS liitambue prosesa hiyo. Kwenye LGA1155 mwisho wa njia ni Ivy Bridge, yenye AVX bila AVX2, na kwenye AM3+ mwisho ni FX za Piledriver, ambazo zimeishia hapo hapo. Mwenye bao hizo atafaidi gemu za enzi ya Jaguar, lakini asinunue prosesa kubwa zaidi ya soketi hiyo kwa tumaini la kuzipata za sasa. LGA1366, inayobeba ile Xeon X5650, haina prosesa hata moja yenye AVX, kwa hiyo fedha yoyote inayotiwa humo kwa ajili ya gemu hizi imepotea, na mwenye nayo atahitaji ubao mama, prosesa na kumbukumbu kwa pamoja.